Kutoka Chupa ya Mkojo hadi Kanuni ya Montreal: Historia ya Kukadiria Kazi ya Figo katika Kupanga Dozi za Viuavijasumu

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia jinsi kipimo cha kreatinini katika damu kilivyogeuka kuwa msingi wa kupanga dozi za viuavijasumu kwa wagonjwa wenye upungufu wa kazi ya figo. Mkazo umewekwa kwenye kundi la aminoglikosidi, hususan streptomisini na gentamisini, kwa kuwa ndilo lililowalazimisha watabibu kutafuta kanuni. Makala yanaonyesha kwamba kanuni iliyotawala tangu 1976 ilikuwa makadirio ya wingi wa msuli, yaliyotokana na wagonjwa wa hospitali moja ya Kanada. Mipaka ya kanuni hiyo, pamoja na ile ya milinganyo iliyofuata, ina athari za moja kwa moja kwa miongozo ya tiba ya Afrika Mashariki leo.

1. Utangulizi

Dawa inayotolewa mwilini na figo pekee humtegemea mgonjwa mwenyewe kuamua itakaa kwa muda gani. Figo zikiwa nzima, dozi ya gentamisini hupungua kwa nusu katika muda wa saa mbili hadi tatu. Figo zikidhoofika, dozi ileile huweza kukaa kwa siku kadhaa, na dozi inayofuata hukuta ya kwanza ingali mwilini. Madhara ya mrundikano huo ni ya aina mbili. Dawa hujikusanya katika seli za vifereji vya figo na kuziumiza. Jeraha hilo mara nyingi hupona dawa ikisimamishwa. Vilevile huua seli za nywele za sikio la ndani, ambazo kwa binadamu hazioti tena. Mgonjwa aliyepoteza usikivu au uwezo wa kujisawazisha kwa njia hii huishi na hasara hiyo maisha yake yote.

Swali la kihistoria ni hili: tabibu aliyesimama kando ya kitanda alipataje kujua, kabla ya dozi ya pili, figo za mgonjwa zinafanya kazi kwa kiasi gani? Jibu lilijengwa kwa hatua, na kila hatua iliacha kasoro iliyorithiwa na ile iliyofuata.

2. Tatizo linajitokeza: 1944 hadi 1959

Streptomisini ilitangazwa mwaka 1944 na Albert Schatz, Elizabeth Bugie na Selman Waksman, kutoka Chuo Kikuu cha Rutgers nchini Marekani. Ilikuwa dawa ya kwanza ya aina hiyo kufaa dhidi ya kifua kikuu. Katika miaka michache tu ya matumizi kwa wagonjwa, watabibu waliripoti kizunguzungu na kuyumba katika kutembea. Mwanzoni hali hiyo ilichukuliwa kuwa gharama ya tiba. Kilichowashangaza zaidi ni kwamba wagonjwa waliopewa kiasi kilekile hawakudhurika sawasawa, na waliodhurika mapema mara nyingi walikuwa wazee au watu wenye maradhi ya figo.

Uthibitisho wa sababu ulikuja mwaka 1959, pale Calvin Kunin, Maxwell Finland na wenzao walipochapisha mfululizo wa tafiti kuhusu viuavijasumu katika damu ya wagonjwa ambao figo zao zilikuwa zimesimama ghafla. Walionyesha kwamba dawa hazifanani. Erithromisini ilipungua karibu kama kawaida, kwa kuwa ini ndilo huiondoa kwa sehemu kubwa. Streptomisini na kanamisini, iliyokuwa imegunduliwa Japani na Hamao Umezawa miaka miwili tu kabla, zilibaki katika damu kwa muda mrefu mno. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa wazo ambalo bado ndilo kiini cha somo hili: kabla ya kuuliza dozi ipunguzwe kwa kiasi gani, sharti iulizwe dawa hutoka kwa njia ipi.

Jambo la pili lilidhihirika hapo hapo. Figo mbovu hubadilisha kasi ya dawa kutoka, lakini hazibadilishi sana nafasi ambamo dawa huenea inapoingia mwilini. Kwa hiyo dozi ya kwanza haipunguzwi. Kinachorekebishwa ni muda wa kungoja dozi zinazofuata, au ukubwa wa dozi hizo. Kosa la kupunguza dozi ya kwanza humwacha mgonjwa mwenye maambukizi makali bila dawa ya kutosha katika saa ambazo anaihitaji zaidi.

3. Kreatinini yageuka kuwa shahidi

Kreatinini ni taka inayozalishwa na msuli kwa kiasi ambacho hakibadiliki sana siku hadi siku, na hutolewa hasa kwa kuchujwa na figo. Mwaka 1886 Max Jaffe alieleza kwamba dutu hii hutoa rangi nyekundu ya machungwa ikichanganywa na asidi ya pikriki katika mmumunyo wa alkali. Mmenyuko huo ndio uliowezesha maabara kuipima kwa bei nafuu, na ungali unatumika katika maabara nyingi hadi leo.

Mwaka 1926 Poul Rehberg wa Denmark aliitumia kreatinini kukisia kiasi kinachochujwa na figo. Miaka michache baadaye, Donald Van Slyke na wenzake waliingiza katika fiziolojia ya figo dhana ya usafishaji, yaani ujazo wa damu ambao figo huondoa dutu fulani yote iliyomo katika dakika moja. Mtu mzima kijana mwenye afya husafisha kreatinini kutoka takriban mililita 100 hadi 120 kwa dakika.

Ili kuupata usafishaji huo, mkojo wote wa saa 24 ulipaswa kukusanywa katika chupa, kreatinini iliyomo kupimwa, kisha kulinganishwa na ile ya damu. Kimsingi njia hiyo ni sahihi. Katika wodi huleta shida. Mgonjwa aliyechanganyikiwa humwaga sehemu ya mkojo, muuguzi wa zamu ya usiku huanza chupa mpya, na jibu huja siku ya pili, wakati dozi tatu za gentamisini zimekwisha kuchomwa. Gentamisini ilitangazwa mwaka 1963, na kadiri matumizi yake yalivyoenea, ndivyo hitaji la njia ya mkato lilivyokuwa kubwa.

4. Kanuni ya nane

Njia ya mkato ya kwanza kuenea ilitazama kreatinini ya damu peke yake. Mwaka 1969 Ralph Cutler na mwenzake walionyesha uhusiano kati ya kreatinini ya damu na muda wa kanamisini kupungua kwa nusu. Mwaka 1971 Martin McHenry na wenzake walichapisha kanuni ya gentamisini ambayo kila daktari angeweza kuihifadhi kichwani: kreatinini katika miligramu kwa desilita izidishwe kwa 8, na jibu liwe idadi ya saa kati ya dozi na dozi. Mgonjwa mwenye kreatinini ya 1 alipewa kila baada ya saa 8, na mwenye 3 kila baada ya saa 24.

Kanuni hii iliokoa masikio mengi, kwa kuwa angalau ilimlazimisha daktari kusoma jibu la maabara kabla ya kuandika dozi. Hata hivyo, ilibeba dhana iliyofichika kwamba watu wote huzalisha kreatinini kwa kiasi kimoja. Bibi aliyekonda huzalisha sehemu ndogo ya kile kinachozalishwa na kijana mchukuzi. Kreatinini ya bibi huyo inaweza kubaki katika kiwango kinachoitwa cha kawaida hata pale figo zake zinapokuwa zimepoteza zaidi ya nusu ya kazi yake, kwa sababu kidogo kinachozalishwa kinatosha kuondolewa na kidogo kilichosalia cha figo.

5. Montreal, 1976

Donald Cockcroft na Henry Gault walilishughulikia tatizo hilo moja kwa moja. Katika hospitali ya askari wastaafu ya Queen Mary, mjini Montreal, walikusanya takwimu za wagonjwa 249 wenye umri wa miaka 18 hadi 92, ambao makusanyo yao ya mkojo yaliaminika. Badala ya kuuliza figo zinasafisha kiasi gani, kwanza waliuliza mtu wa umri fulani hutoa kreatinini kiasi gani kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Walipata mstari ulionyooka: miligramu 28, toa sehemu ya 0.2 ya umri. Kijana wa miaka 25 hutoa miligramu 23 kwa kilo, na mzee wa miaka 70 hutoa 14.

Kiasi hicho kikigawanywa kwa kreatinini ya damu na kwa dakika 1440 za siku nzima, na vizio vikiwekwa sawa, hesabu hufupika na kuwa kanuni ifuatayo:

```
CrCl (mL/min) = (140 - umri) x uzito (kg) / (72 x kreatinini (mg/dL))
mwanamke: jibu x 0.85
```

Namba 140 na 72, ambazo wanafunzi wengi huzikariri bila kujua asili yake, ni mabaki ya mstari ule wa Montreal: 28 ikigawanywa kwa 0.2 ni 140, na 14.4 ikigawanywa kwa 0.2 ni 72. Kwa maneno mengine, sehemu ya juu ya kanuni inakisia msuli, na figo zenyewe huingia kupitia kreatinini iliyo chini tu. Wagonjwa waliotumika walikuwa karibu wote wanaume. Punguzo la asilimia 15 kwa wanawake lilikuwa pendekezo lililozingatia uchache wa msuli, wala halikutokana na idadi ya kutosha ya wanawake waliopimwa.

Kanuni iliingia katika wakati mwafaka. Luzius Dettli wa Basel alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba kasi ya dawa kutoka mwilini hupanda kwa mstari ulionyooka pamoja na usafishaji wa kreatinini. Vipande hivyo viwili vilipounganishwa, mtu aliweza kutoka kwenye umri, uzito na jibu moja la maabara hadi muda kati ya dozi. Mwongozo wa mamlaka ya dawa ya Marekani wa mwaka 1998 uliitumia kanuni hii katika kupanga tafiti za dawa mpya, na ndiyo maana majedwali ya dozi yaliyomo katika vijikaratasi vya dawa nyingi yamejengwa juu yake.

6. Mgonjwa mmoja, majibu manne

Uzito wa historia hii unaonekana vizuri katika mfano mmoja wa kukokotoa. Tuchukue mwanamke wa miaka 70, mwenye kilo 45 na kimo cha sentimita 150, anayehitaji gentamisini. Kreatinini yake ni 1.1 mg/dL, sawa na mikromoli 97 kwa lita. Maabara nyingi zingeliacha jibu hilo bila alama ya hatari, au zingeliweka pembezoni mwa mpaka.

Kwa kanuni ya nane, 1.1 ikizidishwa kwa 8 ni saa 8.8. Mgonjwa angepewa dozi kila baada ya saa 8 au 9, karibu sawa na mtu mwenye figo nzima.

Kwa kanuni ya Cockcroft na Gault, 70 ikizidishwa kwa 45 ni 3150. Ikigawanywa kwa 79.2 ni 39.8, na ikizidishwa kwa 0.85 ni takriban 34. Kijana wa kiume wa miaka 25 mwenye kilo 75 na kreatinini ileile ya 1.1 angepata 109. Jibu moja la maabara, basi, limebeba figo mbili zinazotofautiana mara tatu.

Tofauti hiyo hubadilisha uamuzi. Katika mpango uliochapishwa mwaka 1995 na David Nicolau na wenzake wa Hospitali ya Hartford, uliohusu wagonjwa 2,184, dozi ya miligramu 7 kwa kilo ilitolewa kila baada ya saa 24 kwa mwenye usafishaji wa 60 au zaidi, kila saa 36 kwa mwenye 40 hadi 59, na kila saa 48 kwa mwenye 20 hadi 39. Kijana angepewa dozi yake kila siku. Mwanamke huyu angepewa miligramu 315 mara moja kwa siku mbili, kisha kiwango cha dawa katika damu kingepimwa kati ya saa ya 6 na ya 14 ili kuthibitisha muda huo.

Ikiwa maabara inatoa makadirio ya kisasa ya CKD-EPI ya mwaka 2021, mwanamke huyu husomeka 54. Msomaji wa haraka angechukua namba hiyo na kumweka kwenye saa 36. Lakini 54 ni kipimo kwa mita za mraba 1.73 za eneo la mwili, yaani mwili wa wastani ambao mwanamke huyu hana. Eneo lake ni takriban 1.37. Namba ikirejeshwa kwenye mwili wake halisi, inakuwa 43. Hivyo kuna saa 8.8, na kuna 34, 54 na 43, zote kutoka kwenye tone moja la damu. Kuyatambua majibu hayo kwa majina yake, na kujua jedwali la dozi lilijengwa juu ya lipi, ndiyo nusu ya kazi.

7. Mipaka iliyorithiwa

Milinganyo ya baada ya 1976 ilikuwa na shabaha nyingine. Ule wa MDRD wa 1999 na ule wa CKD-EPI wa 2009 ilikusudiwa kutambua na kupanga hatua za ugonjwa sugu wa figo. Yote miwili ilimzidishia mtu aliyeandikwa kuwa Mweusi kizidisho maalumu: 1.212 katika wa kwanza na 1.159 katika wa pili. Kizidisho hicho kilitokana na Wamarekani, lakini kilisafiri pamoja na mashine na programu za maabara hadi Afrika. Kwa mgonjwa anayepewa aminoglikosidi, maana yake ilikuwa figo zake kuonekana zina nguvu kwa asilimia 16 hadi 21 zaidi, na dozi kusogezwa karibu kwa kadiri hiyo. Mlinganyo wa 2021 ulikiondoa.

Kuondolewa huko hakukumaliza tatizo. Mwaka 2022 utafiti uliofanyika Malawi, Afrika Kusini na Uganda ulilinganisha makadirio ya kreatinini na kipimo halisi cha uchujaji kwa kutumia dutu ya ioheksoli. Milinganyo ya kreatinini ilionyesha figo kuwa bora kuliko zilivyokuwa, na hivyo kuficha sehemu ya watu wenye upungufu. Matokeo hayo yanapatana na mantiki ya Montreal: pale msuli ulipo mdogo kuliko mlinganyo unavyodhani, kreatinini huwa chini na figo husifiwa kwa kazi zisizoifanya. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyedhoofika, mwenye utapiamlo au aliyekatwa mguu yumo katika hatari hiyohiyo.

Eneo la Afrika Mashariki lina sababu ya pekee ya kulizingatia hili. Tafiti zilizofanyika hapa kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambazo matokeo yake ya mwanzo yalichapishwa 1972, ndizo zilizothibitisha tiba fupi ya kifua kikuu ya miezi sita, na streptomisini ilikuwa sehemu yake. Dawa hiyo iliendelea kwa miongo katika tiba ya marudio, hadi Shirika la Afya Duniani lilipoacha kupendekeza mpango huo mwaka 2017. Walioipokea walikuwa aghalabu watu waliokonda, yaani wale ambao kreatinini huwasemea uongo zaidi.

Mpaka wa pili ni wa wakati. Kanuni zote hizi hudhani kreatinini imetulia. Figo zikisimama ghafla leo asubuhi, usafishaji wa kweli unakaribia sifuri, lakini kreatinini ya damu itapanda polepole kwa siku kadhaa. Jibu la 1.1 jana na 1.9 leo likiwekwa katika kanuni hutoa namba nzuri kuliko hali yenyewe. Katika hali hiyo mwelekeo wa majibu mawili ni taarifa bora kuliko jibu lolote moja. Wala wingi wa mkojo hautoi onyo la kuaminika, kwa kuwa jeraha la gentamisini kwa kawaida hutokea baada ya siku tano hadi saba za tiba huku mgonjwa akiendelea kukojoa. Dalili inayotangulia ni kiwango cha dawa kabla ya dozi inayofuata: katika mpango wa dozi moja kwa siku, kikibaki juu ya miligramu 1 kwa lita, dawa inarundikana.

Mpaka wa tatu ni wa upande wa pili. Baadhi ya dawa huzuia figo kutoa kreatinini bila kupunguza uchujaji wenyewe. Trimethoprimu ni mojawapo, na dolutegraviri, inayotumiwa sana na watu wanaoishi na VVU katika eneo hili, ni nyingine. Kreatinini hupanda kidogo katika siku za mwanzo kisha hutulia. Tabibu asiyejua hilo hupunguza dozi ya mgonjwa ambaye figo zake ni nzima, na maambukizi yakapata nafasi.

8. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kanuni ya dozi ina uhalali ndani ya mazingira iliyotengenezwa. Kanuni ya nane ilisahau umri na uzito. Kanuni ya Montreal ilivikumbuka, lakini ikakisia msuli kutoka kwa kundi dogo la wanaume wa Kanada. Milinganyo mipya ilikisia mwili wa wastani ambao wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hawana.

Kwa watunga miongozo, mambo matatu yanafuata. Kwanza, kila jedwali la dozi litaje kanuni iliyolizaa, na maabara iandike kando ya makadirio yake kama ni ya mwili halisi au ya mita za mraba 1.73. Pili, uzito wa mgonjwa uandikwe kwenye fomu ya kuomba kipimo cha kreatinini, kwa kuwa bila uzito hakuna kanuni inayoweza kurejeshwa kwenye mwili husika. Tatu, panapotolewa aminoglikosidi kwa zaidi ya siku chache, kreatinini irudiwe kila siku ya pili au ya tatu, na hospitali za rufaa ziwezeshwe kupima kiwango cha dawa yenyewe. Kipimo hicho cha mwisho ndicho pekee katika mlolongo huu kisichokisia msuli wa mtu.